Friji moja la chanjo, usiku mmoja, walinzi wanne: barua ya kuomba kengele ya joto

Kwa Uongozi wa Kliniki,

YAH: OMBI LA FEDHA ZA KENGELE YA JOTO KWA FRIJI LA CHANJO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika kikao kilichopita niliulizwa swali la haki kabisa: friji lina kipimajoto, lina kirekodi cha siku 30, na daftari linajazwa asubuhi na jioni, sasa fundi anataka kengele ya nini tena? Sikujibu vizuri siku ile. Niliongea habari za sensa na nyaya, nikawaona mnatazama saa. Naomba nijibu upya kwa maandishi, kwa kuwapeleka kwenye usiku mmoja mnaoufahamu, ule wa Ijumaa chanjo zilipoganda, na kuonyesha kila njia tuliyonayo au tunayoweza kununua ingetuambia nini, na saa ngapi.

Nina bahati ya kuufahamu usiku huo dakika kwa dakika. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimeunganisha kifaa cha majaribio kwa vipuri vyangu mwenyewe: mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, sensa ya joto, na kadi ya kumbukumbu. Kilikuwa ndani ya friji, kikiandika joto kila baada ya dakika 5. Kilichokosekana ni modemu ya simu, kwa hiyo kiliona kila kitu na hakikuweza kumwambia mtu.

Ijumaa mchana mlango ulifunguliwa mara nyingi kwa sababu ya foleni ya watoto. Kipimajoto kikapanda hadi 7.6, na mmoja wetu, kwa nia njema, akageuza kitasa cha baridi kwenda namba ya juu. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Joto lililopanda kwa sababu ya mlango hurudi lenyewe mlango ukitulia, halihitaji kitasa. Jioni lilikuwa limesharudi, lakini kitasa kilibaki pale pale, na usiku ulipopoa kompresa ikaendelea kuvuta baridi ambayo hakuna aliyeihitaji. Alfajiri umeme ulikatika, friji likapata joto lenyewe, na muuguzi wa zamu alipofika Jumamosi asubuhi alikuta 3.1. Akaandika 3.1. Aliyegeuza kitasa akakumbuka asubuhi hiyo hiyo na kukirudisha. Mpaka hapo, kwa daftari, hakuna kilichotokea.

Usiku wenyewe ulikwenda hivi, pamoja na kile ambacho kila mlinzi alikijua au angekijua:

| Saa | Joto (nyuzi za Selsiasi) | Daftari | Kirekodi cha siku 30 | Kengele |
|---|---|---|---|---|
| 11:00 jioni | 5.2 | "Salama" | kimya | kimya |
| 5:40 usiku | limeshuka chini ya 2 | hakuna mtu | kimya | inaanza kuhesabu |
| 5:55 usiku | 1.7 | hakuna mtu | kimya | inapiga simu |
| 7:15 usiku | 0.0 | hakuna mtu | kimya | |
| 7:50 usiku | -0.5 | hakuna mtu | kinaanza kuhesabu | |
| 8:50 usiku | -1.2 | hakuna mtu | kinaweka alama ya hatari | |
| 10:20 alfajiri | -1.6, umeme unakatika | hakuna mtu | alama ipo | |
| 2:00 asubuhi | 3.1 | "Salama" | alama ipo, haijaonwa | |

Safu ya kengele nimeiacha wazi baada ya saa 5:55 kwa sababu muuguzi wa zamu anakaa mwendo wa dakika 20 kutoka hapa. Tangu simu hiyo ingepigwa hadi friji kufika -0.5 kuna saa 1 na dakika 55. Angefika, angerudisha kitasa, na angerudi kulala.

Sasa nizichukue njia hizi moja moja, nikianza na ile isiyo na gharama.

Kipimajoto na daftari siwezi kuvidharau, na hata mkinipa kila ninachoomba, daftari libaki. Anayesoma kipimo mara mbili kwa siku analazimika kufungua macho pia: anaona barafu iliyojikusanya ukutani, anaona vichupa vilivyosogezwa mpaka kugusa sahani ya baridi, anasikia kompresa inayohangaika. Hakuna sensa inayoona hayo. Ila kipimo cha saa 11 jioni na cha saa 2 asubuhi vimeachana kwa saa 15, na katikati ya saa hizo friji linaweza kuganda na kuyeyuka bila kuacha dalili. Ndivyo ilivyokuwa. Nasisitiza kwamba muuguzi hakukosea. Alisoma kilichokuwepo.

Kirekodi cha siku 30 ni chombo kizuri kuliko tunavyokipa heshima. Kimepimwa na kuidhinishwa kwa kazi hii, na alama zake za hatari zimewekwa na Shirika la Afya Duniani: zaidi ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au chini ya -0.5 kwa dakika 60. Mkaguzi akija, ushahidi anaoutaka ni huo. Lakini tazameni mipaka hiyo inauliza nini. Inauliza kama chanjo zimekwishapata joto au baridi ya kutia shaka. Kirekodi kikiweka alama ya baridi, jambo limeshatokea tangu saa nzima iliyopita. Na chetu huweka alama hiyo kwenye kioo kidogo kilicho ndani ya friji, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Sisi tuliiona Jumatatu.

Iliyofuata mnaikumbuka. Chanjo zisizodhurika kwa kuganda, yaani surua, kifua kikuu na polio ya matone, tulizirudisha baada ya kukagua alama ya joto kwenye vichupa na kuthibitisha kuwa maji ya kuchanganyia hayakupasuka. Zile zenye chumvi za aluminiamu, yaani pentavalenti, homa ya ini B, pepopunda, nimonia na ile ya kirusi cha HPV, tulizitenga. Alama ya joto kwenye kichupa haisaidii hapo, kwa kuwa inakumbuka joto tu. Kichupa kinaweza kuwa kimeganda na kuyeyuka huku alama yake ikionekana safi kabisa. Ikabidi tufanye jaribio la kutikisa: kichupa kimoja cha toleo lile lile kigandishwe kwa makusudi mpaka kiwe barafu, kiyeyushwe, kitikiswe sambamba na kile kinachoshukiwa, kisha viwekwe mezani mtazame mashapo. Chanjo iliyoganda mashapo yake hushuka upesi na kuacha maji maangavu juu. Aina moja baada ya nyingine, toleo moja baada ya jingine, siku nzima ikaisha huku akina mama wakiambiwa warudi kesho. Na chanjo ya polio ya sindano haina aluminiamu, kwa hiyo jaribio hilo haliihusu. Ile tuliitenga tukisubiri uamuzi wa walio juu yetu.

Kwa hiyo swali la kuchagua, kwa maoni yangu, si chombo gani kinapima kwa usahihi zaidi. Kirekodi chetu na sensa ninayoiomba vyote vinaweza kukosea kwa karibu nusu nyuzi. Swali ni muda gani unapita tangu friji lianze kukosea hadi mtu mwenye miguu ajue.

Hapo zinabaki njia mbili zinazoweza kumwamsha mtu.

Ya kwanza ni kununua mtambo kamili wa kufuatilia joto kwa mbali, ulioidhinishwa, unaotuma vipimo kwenye tovuti ya mtengenezaji na kupiga simu au kutuma ujumbe hatari ikitokea. Nitasema wazi ingawa hoja hii inanipunguzia nguvu: kama fedha zingekuwepo, huu ndio ningeuchagua. Umepimwa na watu wasio mimi, una dhamana, rekodi zake zinakubalika, na ukiharibika kuna wa kumpigia. Kama tungekuwa na friji tano, au kama kliniki isingekuwa na fundi, nisingeandika barua hii, ningewaandikia ya kuomba mtambo huo tu. Kinachonisumbua ni ada ya kila mwaka. Mtambo wa namna hii, huduma isipolipiwa, unaweza kubaki kipimajoto cha bei ghali kilichobandikwa ukutani. Anayeufadhili mara nyingi hulipia kifaa na mwaka wa kwanza. Kabla ya kuuchagua, naomba uongozi ujibu kwa maandishi nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu. Jibu likipatikana, weka barua yangu pembeni.

Ya pili ni kengele ya mikrokontrola, ninayoiomba. Nieleze ni kitu gani, kwa kuwa kwenye kikao nilikifanya kionekane kigumu kuliko kilivyo. Sensa ndogo isiyopitisha maji, aina ya DS18B20, inazamishwa ndani ya kichupa kilichojaa glaikoli, kimiminika kisichoganda kwa baridi ya friji, na kuwekwa katikati ya rafu, kati ya vichupa vya chanjo. Glaikoli ina kazi maalumu. Sensa ikikaa hewani, kila mlango ukifunguliwa joto linaruka na kengele inalia bure, na kengele inayolia bure huzimwa na watu ndani ya wiki moja. Ndani ya glaikoli sensa inapoa na kupata joto polepole, karibu kama chanjo yenyewe. Waya wake ni mwembamba na bapa, unapita kwenye mpira wa mlango bila kuacha upenyo. Nje kuna kisanduku chenye mikrokontrola, modemu, laini ya simu na betri. Masharti ya kulia yako juu kabisa ya programu, na hata asiye fundi anaweza kuyasoma:

```
const float JUU = 8.0;
const float CHINI = 2.0;
const int DAKIKA_JUU = 30;
const int DAKIKA_CHINI = 15;
```

Yaani joto likizidi 8 kwa dakika 30, au likishuka chini ya 2 kwa dakika 15, kengele inafanya kazi. Mipaka hii ni ya wasiwasi kuliko ile ya kirekodi, na nimeipanga hivyo kwa makusudi. Upande wa baridi nimeupa muda mfupi zaidi kwa sababu chanjo iliyopata joto kidogo imepoteza sehemu ya maisha yake, lakini iliyoganda haina cha kurudisha.

Kengele itapiga simu, haitatuma ujumbe peke yake. Ujumbe hauamshi mtu saa sita usiku. Itampigia muuguzi wa zamu, asipopokea itampigia wa pili, kisha mimi, na itarudia mzunguko huo mpaka mmoja wetu abonyeze kitufe kilichopo kwenye kisanduku. Kitufe kiko pale ili atakayeinyamazisha awe amesimama mbele ya friji.

Sasa udhaifu wake, maana msipousikia kwangu mtausikia siku mbaya.

Kubwa kuliko zote ni kwamba kengele iliyokufa na kengele yenye amani zinafanana: zote ziko kimya. Mtambo wa kununua una mtu au mashine upande wa pili inayogundua kuwa kifaa kimepotea. Changu hakina. Dawa yake ni ujumbe mmoja kila siku saa 2 asubuhi: "Nipo. Sasa 4.3. Usiku: chini 3.6, juu 5.1. Betri 92%." Usipofika, muuguzi anachukulia kuwa kengele imekufa na ananiita. Utaratibu huu una thamani kuliko nusu ya vifaa vyenyewe, na hauna maana kama hakuna aliyepewa jukumu la kuungoja ujumbe huo. Naomba jina hilo liandikwe kwenye ratiba ya zamu, pembeni ya anayejaza daftari.

Pili ni umeme. Kengele inayotumia umeme ule ule wa friji itazima saa ile inapohitajika, kwa hiyo betri si nyongeza. Na modemu ina tamaa ya umeme kuliko inavyoonekana. Niliazima moja nikaijaribu mezani kwa siku mbili: kipimo kilisomwa vizuri, ujumbe uliandaliwa vizuri, na kila ilipoanza kutafuta mtandao, taa ya mikrokontrola ilizimika na programu ikaanza upya. Ikajaribu tena, ikazimika tena. Nilipoteza jioni nzima nikiilaumu programu. Kumbe modemu ya aina ile, kwa kitambo kidogo, inaweza kuvuta hadi ampea 2, na waya mwembamba niliotumia haukuweza kuzileta. Nilipoipa modemu njia yake ya umeme na kapasita kubwa pembeni, ilitulia. Nalieleza hili kwa sababu bei ya betri na chanzo cha umeme kwenye karatasi niliyoambatisha itaonekana kubwa, na kishawishi kitakuwa kukata hapo. Tafadhali msikate hapo. Pia modemu niliyoiandika ni ya mtandao wa 4G, si ile ya bei rahisi ya 2G, kwa kuwa mitandao ya zamani inaendelea kuzimwa sehemu nyingi duniani na sitaki kuwaombea kifaa kitakachokosa mtandao.

Tatu, sensa inaweza kudanganya. Waya ukichomoka, programu inasoma -127. Sensa ikipoteza umeme na kuurudisha, namba ya kwanza inayotoa ni 85. Hakuna friji lenye joto la namna hiyo, kwa hiyo programu inazitambua namba hizi na kusema "sensa mbovu" badala ya kuamsha watu kwa moto usiokuwepo. Uongo mbaya zaidi ni ule mdogo, wa nyuzi moja au moja na nusu, hasa kwa kuwa sensa bandia za aina hii ni nyingi sokoni. Huo unagunduliwa kwa bakuli: barafu safi iliyopondwa, maji kidogo ya kujaza nafasi, koroga, zamisha sensa, subiri dakika kadhaa. Inapaswa kusoma 0. Ninayoitumia sasa ilisoma 0.3, na programu inalipunguza hilo. Jaribio hilo nitalifanya kila baada ya miezi 3 na kulitia sahihi kwenye daftari la friji. Ikisoma zaidi ya nusu nyuzi pembeni, inatupwa.

Nne ni mimi mwenyewe. Kifaa kilichotengenezwa na mtu mmoja kinaondoka naye. Ndiyo maana ombi ni la seti mbili na si moja: ya pili imewekewa programu tayari, imefungwa kwenye kabati, na maelekezo yake ya kurasa tatu yameandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kushika waya. Muuguzi yeyote achomoe iliyokufa, achomeke nyingine. Kama uongozi unaona hata hilo ni kutegemea sana fundi mmoja, basi hiyo ni sababu nzuri ya kurudi kwenye mtambo wa kununua, na sitabisha.

Kitu ambacho kengele haitakifanya ni kuchukua nafasi ya kirekodi. Haijaidhinishwa na mtu yeyote. Mkaguzi akiuliza friji lilikuwaje mwezi uliopita, tutampa rekodi ya kirekodi, si kadi yangu ya kumbukumbu. Betri ya kirekodi chetu haibadilishwi, na tarehe yake ya mwisho inakaribia. Kikiisha hicho na fedha zikawa za kitu kimoja tu, nunueni kirekodi kwanza. Na wala kengele haitaliponya friji. Dawa ya kweli ya usiku ule ni friji lenye kinga ya kuganda ya daraja A, lisilo na kitasa cha mtu kugeuza. Hilo liingie kwenye mpango wa manunuzi, lakini bajeti yake si ya mwaka huu, na chanjo ziko ndani ya hili la sasa.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki: fedha za seti mbili za kengele kama zilivyoorodheshwa na kukadiriwa bei kwenye kiambatisho, salio la laini kwa mwaka mzima likilipwa mara moja, na saa mbili za mafunzo kwa wauguzi wote wa zamu pamoja na mlinzi wa usiku. Wiki nne za kwanza kengele ifanye kazi sambamba na kirekodi, na nitawaletea vipimo vya vyote viwili kwenye karatasi moja. Vikipishana kwa zaidi ya nyuzi moja bila sababu ninayoweza kuieleza, kisanduku kitatoka ukutani nami nitawaandikia hivyo.

Kitasa cha baridi nimekifunga kwa utepe mwekundu na kuandika juu yake "Usiguse, niite". Kifaa cha majaribio bado kiko kwenye rafu ya kati. Usiku wa kuamkia leo kiliandika 3.4 saa tisa, na hakikumpigia mtu kwa kuwa hakina cha kupigia.

Wenu katika kazi,

Fundi wa vifaa

Kiambatisho: orodha ya vifaa na makadirio ya bei, ukurasa 1